Tofauti Kubwa ya Nguvu za Lenzi baina ya Macho Mawili: Kwa Nini Miwani Huchosha na Namna Lenzi za Mguso Zinavyoweza Kusaidia

Ikisiri

Makala hii inafafanua tatizo linalowapata watu ambao jicho lao moja linahitaji lenzi yenye nguvu nyingi kuliko jingine, hali ambayo kitaalamu huitwa anisometropia. Watu hao mara nyingi huona vizuri kwa kila jicho peke yake wanapopimwa, lakini hushindwa kuivaa miwani waliyoandikiwa. Maelezo yaliyozoeleka huitupia lawama tofauti ya ukubwa wa taswira katika macho mawili. Makala inakubali kuwa tofauti hiyo ipo, lakini inadai kuwa kwa mtu anayefanya kazi akiwa ameangalia chini, kero kubwa zaidi hutokana na mwendo wa macho nyuma ya lenzi isiyotembea. Hoja hii inajengwa kwa kutumia kisa cha fundi cherehani mmoja, kwa hesabu zinazoweza kurudiwa na msomaji, na kwa kuichunguza upya kanuni ya Knapp ambayo, ikisomwa bila uangalifu, humnyima mgonjwa lenzi za mguso zinazomfaa.

1.0 Utangulizi

Kabla ya kuanza masomo ya uzamivu katika Kiswahili, mwandishi wa makala hii alifanya kazi ya upimaji macho kwa miaka kadhaa. Miongoni mwa wagonjwa waliomshughulisha sana alikuwa mwanamke wa miaka 36, fundi cherehani mjini Tanga, ambaye humu ataitwa Fundi ili kumhifadhi. Alikuja na miwani mbili ndani ya mfuko wa kitambaa. Ya kwanza ilikuwa na lenzi ya −1.00 upande wa kulia na −6.00 upande wa kushoto. Ya pili, aliyotengenezewa baadaye mahali pengine baada ya kuilalamikia ya kwanza, ilikuwa na −1.00 kulia na −2.50 kushoto. Aliambiwa kuwa jicho la kushoto litazoea polepole, na kwamba lenzi itaongezwa nguvu mwaka hadi mwaka.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. "Dokta, hii ya kwanza nikiivaa barabarani ni sawa. Nikiinama mashineni naona kama mshono unanikimbia, na kichwa kinaniuma mpaka jioni. Hii ya pili haiumi, lakini na lenyewe jicho ni kama halipo." Sentensi hizi tatu zina karibu kila kitu kinachohitaji kuelezwa katika makala hii. Anayezisikiliza kwa makini atagundua kuwa malalamiko hayahusu miwani kwa jumla. Yanahusu miwani wakati wa kuangalia chini.

Neno moja kuhusu istilahi. Vilenzi vyembamba vinavyovaliwa juu ya konea, yaani juu ya kioo cha mbele cha jicho, huitwa na wengi madukani "kontakti lenzi" au "lenzi za machoni". Humu vitaitwa lenzi za mguso. Lenzi ya miwani nayo iko mbali na jicho kwa takribani milimita 12. Umbali huo mdogo ndio asili ya matatizo yote yatakayojadiliwa.

2.0 Macho ya Fundi

Diopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi. Jicho linalohitaji lenzi ya −6.00 ni jicho lenye uoni wa karibu: bila miwani huona kwa uwazi vitu vilivyo kiasi cha sentimita 17 kutoka usoni, na kila kilicho mbali zaidi ya hapo hufifia. Jicho la −1.00 huona kwa uwazi hadi mita moja. Fundi alikuwa ameigundua tofauti hii mwenyewe bila kufundishwa na mtu. Alipotaka kutunga uzi katika sindano, alivua miwani, akaisogeza sindano karibu na pua na kutumia jicho la kushoto. Kwa kazi nyingine zote alitegemea la kulia.

Wataalamu wengi huanza kuiita hali hii anisometropia pale tofauti inapofikia diopta 1. Tofauti ya Fundi ilikuwa diopta 5. Mpindo wa konea ulipopimwa ulikuwa karibu sawa katika macho yote mawili, jambo linaloonesha kuwa tofauti haikutoka mbele ya jicho. Kipimo cha mawimbi ya sauti kilithibitisha kuwa jicho la kushoto lilikuwa refu kuliko la kulia kwa takribani milimita 2, kutoka konea hadi retina. Tunaitaja habari hii ya urefu mapema kwa sababu itarudi kutusumbua katika sehemu ya tano.

Kwa lenzi kamili, jicho la kulia lilisoma 6/6 na la kushoto 6/12. Maana yake ni kuwa jicho la kushoto halikuwa limekufa, kama Fundi alivyoamini. Lilikuwa na uvivu wa kiasi, yaani ubongo haukuwahi kulizoea sana, lakini lilikuwa bado linaweza kufanya kazi.

3.0 Ukubwa wa taswira

Sababu inayotajwa kwanza katika vitabu ni kwamba lenzi ya miwani hubadili ukubwa wa kile kinachoonwa. Lenzi hasi hupunguza na lenzi chanya hukuza. Kadiri lenzi inavyokuwa na nguvu na kadiri inavyokaa mbali na jicho, ndivyo mabadiliko yanavyoongezeka. Kwa lenzi nyembamba, ukuzaji hukadiriwa kwa kugawanya 1 kwa tofauti ya 1 na zao la umbali na nguvu ya lenzi:

M = 1 / (1 − dF)

Hapa d ni umbali kwa mita kutoka kwenye lenzi hadi kwenye mboni kama inavyoonekana kupitia konea, ambao kwa miwani ya kawaida ni karibu 0.015. F ni nguvu ya lenzi kwa diopta. Kwa jicho la kulia la Fundi tunapata 1/1.015, yaani karibu 0.985. Kwa la kushoto tunapata 1/1.09, yaani karibu 0.917. Ukilinganisha, dunia inayoletwa na lenzi ya kushoto ni ndogo kwa takribani asilimia 7 kuliko ile ya kulia.

Hali ya macho mawili kuupa ubongo taswira za ukubwa usiolingana huitwa anisekonia. Wapo watu wanaolalamika hata tofauti ikiwa asilimia 2 au 3, na inapovuka asilimia 5 wengi hushindwa kuziunganisha taswira mbili kuwa moja. Dalili zake ni kichwa kuuma, sakafu kuonekana imeinama, na kuta za chumba kuonekana zimepinda. Dalili hizi huwapo muda wote miwani inapovaliwa, mgonjwa akiangalia mbele au chini. Hapo ndipo kisa cha Fundi kinapoanza kutofautiana na vitabu. Barabarani, kwa maneno yake, ilikuwa "sawa".

4.0 Jicho linalotembea nyuma ya kioo kisichotembea

Kila lenzi ya miwani ina kitovu, yaani nukta ambayo mwanga huipita bila kupindishwa. Ukiangalia kupitia kitovu, lenzi hurekebisha ukungu tu. Ukiangalia pembeni mwa kitovu, lenzi hufanya kazi ya ziada: hupindisha mwanga kama mche wa kioo unaotumika maabara, ambao humu tutauita prizimu. Charles Prentice, mtaalamu wa lenzi Mmarekani wa mwishoni mwa karne ya 19, aliliweka jambo hili katika kanuni nyepesi ambayo hadi leo haijapata mbadala. Upindishaji, kwa diopta za prizimu, ni sawa na umbali kutoka kwenye kitovu kwa sentimita ukizidishwa kwa nguvu ya lenzi. Diopta moja ya prizimu husogeza taswira kwa sentimita moja kwa kitu kilicho umbali wa mita moja.

Mtu anaposoma au kushona akiwa amekaa wima, macho yake hushuka chini ya kitovu cha lenzi kwa kiasi cha milimita 10. Kwa jicho la kulia la Fundi, prizimu ni 1.0 × 1.00, yaani diopta 1. Kwa la kushoto ni 1.0 × 6.00, yaani diopta 6. Kama lenzi zote mbili zingepindisha sawasawa, macho yangesogea pamoja na asingejua kitu. Tatizo ni tofauti, ambayo ni diopta 5 za wima. Mashine ya cherehani iko kiasi cha sentimita 40 kutoka machoni, na kwa umbali huo diopta 5 ni sawa na kuisogeza taswira kwa takribani sentimita 2. Lenzi hasi hulisukuma juu lile linaloonwa chini ya kitovu. Kwa hiyo jicho la kushoto la Fundi liliuona mshono sentimita 2 juu ya pale lilipouona jicho la kulia. Aliposema mshono unamkimbia, hakuwa akitumia tamathali ya usemi.

Macho yana uwezo mkubwa wa kuvumilia tofauti za kulia na kushoto, kwa sababu kila siku hukutana na kuachana yanapotazama karibu na mbali. Uvumilivu wa juu na chini ni mdogo mno. Watu wengi huweza kuziba pengo la wima la diopta 2 hadi 3 tu. Mtu anapodaiwa 5, mambo matatu huweza kutokea: huona vitu viwili viwili, au ubongo huizima taswira ya jicho moja ili kuepuka fujo, au hujifunza kuinamisha kichwa kizima badala ya kushusha macho ili aendelee kutazama kupitia vitovu. Fundi alifanya la tatu asubuhi, na la pili alipochoka. Maumivu ya shingo aliyoyataja kama jambo la pembeni, akidai ni ya kawaida kwa mafundi wote, yalikuwa sehemu ya tatizo lile lile.

Je, mpimaji atajuaje kuwa kero imetokana na prizimu na si na ukubwa wa taswira? Njia ya kwanza haihitaji kifaa. Mgonjwa avae miwani yenye nguvu kamili, asome maandishi yaliyoinuliwa hadi usawa wa macho, kisha asome maandishi yale yale yakiwa yameshushwa mapajani bila kuinamisha kichwa. Kama kero ni ya ukubwa wa taswira, haitabadilika sana. Kama ni ya prizimu, itatoweka juu na kurudi chini. Kufumba jicho moja huondoa zote mbili, hivyo hakutofautishi chanzo. Huthibitisha tu kuwa tatizo ni la macho mawili kufanya kazi pamoja.

Njia ya pili ni jaribio la nukta nne la Worth. Mgonjwa huvaa kioo chekundu jicho la kulia na cha kijani jicho la kushoto, kisha hutazama nukta nne zenye mwanga: moja nyekundu, mbili za kijani na moja nyeupe. Anayetumia macho mawili pamoja huona nukta nne. Anayezima jicho la kushoto huona mbili nyekundu, anayezima la kulia huona tatu za kijani, na anayeona vitu viwili viwili huona tano. Fundi, akiwa na miwani yake ya kwanza, aliona nne alipotazama mbele. Taa iliposhushwa hadi usawa wa mashine, mwanzoni aliona tano, na baada ya sekunde chache akabaki na mbili nyekundu. Jicho la kushoto lilizimwa mbele yetu.

Miwani ya pili sasa inaeleweka. Kwa kushusha lenzi ya kushoto hadi −2.50, tofauti ya prizimu ilipungua kutoka 5 hadi 1.5, ambayo mtu anaiweza, na ndiyo maana haikuuma. Lakini jicho lilibaki na ukungu wa diopta 3.50. Jicho lenye ukungu wa kiasi hicho halizoei lolote. Ahadi kuwa lenzi itaongezwa kidogo kidogo haina msingi kwa mtu mzima katika hali hii, kwa sababu prizimu itarudi kwa kiwango kile kile nguvu itakaporudi. Hakuna mazoezi yatakayoifanya sentimita 2 iwe sifuri.

5.0 Kanuni ya Knapp na jinsi inavyoweza kupotosha

Lenzi ya mguso hutembea na jicho. Jicho linaposhuka, lenzi hushuka nalo, na kitovu chake hubaki mbele ya mboni isipokuwa kwa utelezi mdogo wa sehemu ya milimita. Kwa hiyo umbali katika kanuni ya Prentice unakuwa karibu sifuri, na prizimu nayo inakuwa karibu sifuri, hata lenzi iwe na nguvu kiasi gani. Kuhusu ukubwa wa taswira, umbali d unashuka kutoka milimita 15 hadi takribani 3, na ile asilimia 7 inashuka hadi kati ya 1 na 2. Kwa hoja hizi mbili pekee, lenzi za mguso zingekuwa jibu la wazi.

Hata hivyo, mtaalamu aliyesoma kanuni ya Knapp angesita. Hermann Knapp, daktari wa macho wa karne ya 19, alionesha kuwa jicho likiwa na uoni wa karibu kwa sababu ya urefu, lenzi iliyowekwa kwenye fokasi ya mbele ya jicho hurudisha ukubwa wa taswira katika retina sawasawa na ule wa jicho la kawaida. Fokasi hiyo iko karibu na mahali miwani inapokaa. Maana yake ni kuwa upunguzaji wa asilimia 7 tuliouhesabu unafidiwa na urefu wa jicho lenyewe, ambalo kwa maumbile hukuza taswira. Ukiiondoa miwani na kuweka lenzi ya mguso, unaondoa upunguzaji na kubaki na ukuzaji. Kwa mantiki hiyo, mgonjwa ambaye tofauti yake ni ya urefu apewe miwani, na lenzi za mguso ziachiwe wale ambao tofauti yao imetokana na konea au na kukosa lenzi ya ndani ya jicho. Fundi alikuwa na jicho refu. Kwa kanuni, alipaswa kurudishiwa miwani yake ya kwanza.

Hesabu ya Knapp ni sahihi. Kinachokosewa ni matumizi yake, na makosa ni mawili. La kwanza ni kuichukulia taswira iliyo katika retina kuwa ndiyo anayoiona mtu. Jicho lililorefuka limevuta pia retina yake, kama puto lililopulizwa linavyotawanya alama zilizochorwa juu yake. Seli za kupokea mwanga zinakaa mbalimbali zaidi, na taswira kubwa inaweza kugusa idadi ile ile ya seli ambayo taswira ndogo ingeigusa katika jicho la kawaida. Ubongo huhesabu seli, haupimi milimita. Mwaka 1988 Winn na wenzake walipima tofauti ya ukubwa kama inavyoonwa na watu wenye anisometropia ya urefu, na wakapata kuwa ilikuwa ndogo kwa lenzi za mguso kuliko kwa miwani, kinyume na matarajio ya kanuni.

Kosa la pili, ambalo kwa maoni ya mwandishi ni kubwa zaidi, ni kusahau kuwa kanuni ya Knapp inazungumzia jicho lililotulia. Haisemi lolote kuhusu prizimu. Hata kama taswira za macho mawili zingekuwa na ukubwa ule ule kabisa wakati wa kutazama mbele, macho yangeposhuka milimita 10 zile sentimita 2 za mashineni zingekuwapo. Kumpima mgonjwa akiwa ametulia mbele ya ubao wa herufi, kisha kuamua kuhusu kazi anayoifanya ameangalia chini kutwa nzima, ni kujibu swali ambalo hakuliuliza.

6.0 Lenzi moja badala ya mbili

Kabla ya kununua chochote, Fundi aliwekewa lenzi ya majaribio katika jicho la kushoto kwa nusu saa na kupewa kitambaa ashone kwa mkono. Jaribio la aina hii ni la thamani kuliko hesabu zote zilizotangulia, kwa sababu humwonesha mgonjwa na mpimaji kwa wakati mmoja kama macho yatakubali kushirikiana.

Nguvu ya lenzi ya mguso hailingani na ya miwani, kwa kuwa lenzi imesogezwa karibu na jicho. Kwa umbali wa milimita 12, −6.00 ya miwani inakuwa karibu −5.60 kwenye konea. Lenzi za madukani huongezeka kwa robo diopta, hivyo urekebishaji kamili ungekuwa −5.50, na jicho la kulia lingehitaji lenzi yake ya −1.00. Badala yake tulichagua kumpa lenzi moja tu, ya kushoto, yenye nguvu ya −4.50. Lengo halikuwa kulimaliza tatizo la jicho la kushoto bali kulifanya lifanane na la kulia. Akiwa ameivaa, macho yote mawili yalibaki na upungufu wa takribani −1.00. Mashineni hakuhitaji miwani kabisa, kwa sababu jicho la namna hiyo huona kwa uwazi hadi mita moja na lilihitaji juhudi ndogo tu kufikia sentimita 40. Akitoka nje alivaa miwani nyepesi ya −1.00 kila upande, ambayo haina tofauti ya prizimu mahali popote. Kwa lenzi moja gharama ilipungua, na jicho lake zuri halikuguswa. Hili la mwisho si dogo kwa mtu ambaye riziki yake inategemea jicho moja.

Nukta za Worth zilipooneshwa tena, aliona nne mbele na nne chini. Tofauti ya ukubwa iliyohesabiwa mashineni ilikuwa kidogo zaidi ya asilimia 1.

7.0 Mipaka na hatari

Lenzi ya mguso haiponyi uvivu wa jicho. Huondoa kizuizi tu, na mengine hutegemea ubongo. Kwa mtoto, kusubiri hadi afikie umri wa kutumia lenzi za mguso ni kosa. Apewe miwani yenye nguvu kamili mara tu tofauti inapogunduliwa, kwa kuwa watoto huivumilia kwa namna ambayo watu wazima hawawezi, na jicho lisilopata taswira safi katika miaka saba au minane ya mwanzo hupoteza sehemu ya uwezo ambayo ni vigumu kuirudisha. Kumpunguzia mtoto nguvu ya lenzi ili asisumbuke, kama alivyofanyiwa Fundi ukubwani, kunaweza kumgharimu jicho.

Kwa mtu aliyekaribia miaka 40 na kuendelea, lipo jambo ambalo wapimaji wengi hulisahau. Miwani ya lenzi hasi humsaidia mvaaji anapotazama karibu, kwa sababu hupunguza juhudi ya kulenga na ya kukutanisha macho. Akihamia lenzi za mguso msaada huo huondoka, na anaweza kurudi akidai kuwa zimemharibia usomaji. Fundi alinusurika kwa kuwa mashineni alibakiza ile −1.00.

Kwa wasiotaka au wasioweza kuvaa lenzi za mguso, kuna njia za kati. Miwani ya kusomea inaweza kutengenezwa ikiwa na vitovu vilivyoshushwa, ili macho yanaposhuka yakutane navyo. Lenzi yenye nguvu zaidi inaweza kuchongwa sehemu ya chini ili kufidia prizimu, ingawa si kila karakana inaweza kazi hiyo. Fremu ndogo inayokaa karibu na uso husaidia kidogo. Miwani ya sehemu mbili na ile ya nguvu inayobadilika polepole haifai kwa watu hawa bila fidia hiyo, kwa kuwa humlazimisha mtu kutazama chini sana, mahali ambapo tofauti ya prizimu ni kubwa kuliko kote.

Hatari iliyo nzito ni maambukizi ya konea. Utafiti wa Poggio na wenzake uliochapishwa mwaka 1989 ulikadiria visa vipatavyo 4 kwa mwaka katika kila wavaaji 10,000 wa lenzi laini za kuvua jioni, na vipatavyo 21 kwa wale wa lenzi zinazolaliwa nazo. Tofauti hiyo ya mara tano ndiyo sababu ya kukataza usingizi na lenzi jichoni. Lenzi na kikasha chake visiguswe na maji ya bomba wala ya kisima, hata yakiwa yamechemshwa, kwa kuwa miongoni mwa viumbe wanaoishi majini yumo akantamiba, ambaye huila konea kwa maumivu makali na hutibika kwa shida. Mikono ioshwe kwa sabuni na kukaushwa kabisa kabla ya kuishika lenzi. Jicho likiwa jekundu, likiuma, likikwepa mwanga au likianza kuona ukungu, lenzi ivuliwe na mgonjwa aende kuonwa siku hiyo hiyo.

Kwa fundi cherehani lipo pia vumbi la kitambaa na la chaki ya kuchorea. Fundi alifundishwa kuvaa lenzi nyumbani kabla ya kuingia kazini, na kupepesa macho kwa makusudi kila anapobadili uzi, kwa kuwa mtu anayekaza macho hupepesa mara chache na lenzi hukauka. Wiki ya kwanza aliivaa kwa saa nne kwa siku, kisha akaongeza polepole.

Alipoonwa baada ya mwaka, jicho la kushoto lilisoma 6/9. Maumivu ya kichwa yalikuwa yamekoma, na shingo ilimuuma siku za kazi nyingi tu. Kipimo cha kuona kina kilikuwa bado chini ya kile cha mtu ambaye macho yake yalilingana tangu utotoni, na hakikutarajiwa kupanda zaidi. Uzi katika sindano bado alikuwa akiutunga asubuhi, kabla ya kuvaa lenzi, kwa jicho la kushoto.